Safu ya Shangazi: Mama mkwe anataka mgongoni, mimi nina begi la mtumba, na mtoto anakoroma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, naishi Mbagala, Dar es Salaam. Mwanangu wa kiume ana wiki tisa. Alizaliwa njiti, mimba ikiwa na wiki 34, akiwa na kilo 1.9. Wodini walinifundisha kumbeba kwa mtindo wa kangaruu na nikaendelea nao nyumbani mpaka alipoanza kunenepa, ndipo nikaacha. Sasa ana kilo 3.4.

Nina kibanda cha vifaa vya ushonaji na mwezi ujao lazima nifungue, maana kodi haisubiri. Kwa hiyo nilinunua begi la kubebea mtoto kwenye mitumba ya Karume, lile la kuvaa bega moja. Mtoto analala ndani yake amejikunja, usawa wa nyonga yangu. Lina lebo ya nje na mishono yake ni mizuri, nikaamini ni salama kuliko kanga zetu.

Juzi nilikuwa nafagia naye akiwa ndani. Alikuwa anakoroma kwa sauti ya ajabu, nikafurahi kwamba amepata usingizi mzito. Jirani akachungulia akaniambia, "Mtoe huyo!" Nilipomtoa kidevu kilikuwa kimezama kifuani na midomo imepauka, haina rangi yake. Nilipomnyanyua akavuta pumzi, akalia, akarudi kawaida.

Mama mkwe amekuja kutoka Tanga kunisaidia. Anasema begi ndilo tatizo, nimfunge mtoto mgongoni kwa mbeleko kama yeye alivyowabeba wanawe wote, na kichwa nikifunike asipigwe na upepo. Nikikataa ananuna, anasema nadharau mila. Mume wangu anasema tuelewane wenyewe. Mimi sasa naogopa kumbeba kwa namna yoyote, namshika mikononi kutwa, na mgongo unaniuma mpaka usiku nashindwa kugeuka kitandani. Nifanyeje? Nimsikilize mama, au nitafute begi lingine zuri zaidi?

Mama Njiti, Mbagala

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujafika kwenye begi wala mbeleko, mpeleke mtoto akaonwe na daktari kesho, usingoje tarehe ya chanjo. Mwambie kama ulivyoniandikia: kidevu kilizama kifuani, midomo ikabadilika rangi, nilipomnyanyua akarudi sawa. Inawezekana kabisa ni mkao tu uliomfanya hivyo, lakini mtoto aliyezaliwa njiti akibadilika rangi anasikilizwa kifua na moyo. Kuna jambo moja la kuangalia usiku wa leo. Mlaze chali kitandani, shingo imenyooka, pasipo mto, usikilize anavyopumua. Sauti ikiwa haipo kabisa, dalili ni kwamba ilitokana na kujikunja. Kama anaendelea kukoroma hata akiwa amenyooka, mweleze daktari na hilo pia. Ukiona mbavu zinabonyea ndani kila anapovuta pumzi, pua zinatanuka au anaguna kila akipumua, usingoje kupambazuke. Na kwa watoto wetu weusi, rangi usiitafute kwenye mashavu, hutaiona mapema. Itafute kwenye midomo, ulimi na fizi.

Umeniambia ulifurahi kusikia anakoroma. Wazazi wengi wanaamini hivyo hivyo, kwamba sauti ni ushahidi wa usingizi mzuri, ndiyo maana nataka nikueleze kilichokuwa kinatokea ndani ya lile begi.

Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote. Kisogo kimetokeza nyuma, na misuli ya shingo haina nguvu ya kukihimili. Ukimweka mahali penye mviringo, kile kisogo kinasukumwa mbele na kidevu kinashuka kifuani. Njia yake ya hewa nayo ni nyembamba na laini, haijakomaa ikawa ngumu, kwa hiyo shingo ikipinda inajikunja kama mrija wa soda. Hewa haikatiki ghafla. Inapita, lakini kidogo, na kule kupita kwa shida ndiko kulikotoa sauti uliyoisikia. Mtoto anayepata hewa kidogo hazinduki akapiga kelele, maana kulia nako kunataka hewa. Anazidi kusinzia, misuli inalegea zaidi, na kidevu kinazidi kuzama. Kwa nje unamwona ametulia.

Hiyo ni njia moja. Ya pili ni pua na mdomo kugandamizwa kwenye kitambaa au kwenye titi la mama, na hiyo huenda haraka zaidi, dakika moja au mbili zinatosha. Begi la bega moja linaweza kuleta zote mbili kwa pamoja, kwa sababu mtoto anazama chini ndani ya kitambaa na uso unageukia tumbo la aliyembeba.

Kwa hiyo lebo ya nje isikupe imani kubwa. Mwezi Machi 2010 Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani ilitoa onyo juu ya vibebeo vya kitambaa baada ya kuchunguza vifo 14 vya watoto vilivyotokea katika miaka 20. Katika hao 14, 12 walikuwa hawajatimiza miezi minne. Onyo liliwataja waziwazi watoto njiti, waliozaliwa na uzito mdogo, mapacha, na wenye mafua, kwamba mzazi aulize daktari kwanza. Mwezi huo huo zaidi ya mabegi milioni moja ya kampuni moja yaliondolewa sokoni, na yalikuwa ya aina hiyo hiyo, mtoto anajikunja ndani na kuning'inia chini. Hayakuwa yameshonwa vibaya. Tatizo lilikuwa umbo lenyewe, na umbo huwezi kulirekebisha kwa kuvuta mkanda. Mtumba nao ukishafika Karume, hakuna anayekagua kama uliwahi kupigwa marufuku huko ulikotoka. Mimi, kwa mtoto wako huyu, begi hilo nisingelitumia tena hata kwa dakika tano, na nisingempa jirani.

Lakini angalia tusije tukakimbilia upande wa pili tukasema, basi, kanga ndiyo salama kwa sababu ni yetu. Kanga nayo inaweza kumkunja mtoto vilevile. Cha kutazama ni mahali mtoto anapokaa, kitambaa kinambana wapi, na kama unauona uso wake.

Mama mkwe wako ana haki katika mengi. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mbeleko, mapaja yamefunguka na kukumbatia mgongo wa mama, magoti juu kuliko makalio, nyonga zake zinakaa vizuri sana kwenye vikombe vyake. Uzito unakuwa karibu na mwili wa mbebaji na mikono inabaki huru. Hilo alilifanya kwa wanawe na akalifanya vizuri, na wewe ukimwambia kuwa njia yake ni ya kizamani utakuwa umemkosea kweli. Shida ni umri, na hapa kuna hesabu ambayo huenda hata yeye hajaifikiria.

Umri wa mtoto njiti, linapokuja suala la shingo na nguvu za mwili, tunauhesabu kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mwanao alikuja wiki sita kabla ya wiki ya 40. Kwa hiyo wiki zake tisa, ukitoa hizo sita, zinabaki tatu. Shingo unayotaka kuipeleka mgongoni ni ya mtoto wa wiki tatu. Kumbeba mgongoni kunataka mtoto anayeinua kichwa mwenyewe na kukishikilia hata ukiinama au ukigeuka ghafla, jambo ambalo wengi hulifikia karibu na mwezi wa nne, na kwa wako hesabu miezi minne kutoka tarehe aliyotarajiwa, wala si kutoka alipozaliwa. Akiwa mgongoni sasa hivi, kichwa kitaangukia mbele au pembeni na wewe hutakiona. Na ukikifunika kwa kanga, hutakiona wewe wala jirani aliyekuokoa juzi. Upepo wa Dar es Salaam hauna ubaya wa kumfunika uso. Joto ndilo la kuogopa: kanga yenyewe ni nguo moja, mwili wako ni joto lingine, kwa hiyo ndani avae nguo nyepesi tu. Mguse nyuma ya shingo. Ukikuta jasho, mpunguze nguo.

Kumbe njia ya kati unayo tayari. Ni ile ile uliyofundishwa wodini.

Kumbeba mtoto kwa kangaruu kulianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na mashine chache za kuwapa joto watoto njiti, madaktari wakawafunga vifuani mwa mama zao. Leo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa kila mtoto njiti au mwenye uzito mdogo, saa 8 mpaka 24 kwa siku, na Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi tano zilizoshiriki utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2021, ulioonyesha kuwa kuianza mara tu baada ya kuzaliwa kunapunguza vifo vya watoto wadogo sana. Mwanao ameshaupita uzito wa kuihitaji kama tiba. Ila ufungaji wake ulibuniwa kwa ajili ya watoto wasio na shingo, na ndiyo sababu unamfaa hata sasa.

Tuufuate taratibu, kwa kanga moja. Chagua iliyofuliwa mara nyingi, ile mpya yenye uwanga inateleza. Kanga ina urefu wa mita moja na nusu hivi, na kama mwili wako umejaa utaona ncha hazifiki, basi tumia kitenge cha mita mbili. Simama karibu na kitanda, ili likitokea la kutokea aangukie godoro. Mtoto anakaa wima kati ya matiti, kifua chake kwenye kifua chako, miguu imekunjwa kama chura, magoti juu ya makalio, na makalio yake yako juu ya kitovu chako. Kichwa kigeukie upande mmoja na kidevu kiinuke kidogo tu. Usikilaze nyuma sana, kwa sababu shingo iliyorudi nyuma kupita kiasi nayo inabana hewa.

Hapo ndipo unahitaji mkono wa pili, na mkono huo ni wa mama mkwe wako. Yeye anapitisha kanga nyuma ya mtoto. Ukingo wa juu unafika chini kidogo ya sikio, usipande kufunika kichwa wala usishuke kuacha shingo ikining'inia. Ukingo wa chini unaingizwa chini ya makalio. Sasa mwambie avute kwa nguvu pale juu, kwenye mabega na mgongo wa mtoto, na kule chini kwenye tumbo alegeze. Mtoto mchanga anapumua kwa tumbo, utaliona linapanda na kushuka. Ukilibana sana umemzibia pumzi, na ukilegeza kule juu atateleza na kujikunja. Ncha zinapishana mgongoni mwako na fundo linakaa ubavuni, lisikae juu ya uti wa mgongo, maana ukiegemea kiti litakuchoma.

Ukishafunga usiondoke pale kitandani. Pitisha kidole chini ya kidevu chake. Kikipita bila kusukuma, hewa inapita. Kisipopita, fungua uanze upya, usijaribu kumnyoosha akiwa ndani. Kisha weka kiganja mgongoni mwake ubonyeze polepole. Kama amefungwa sawasawa hataondoka mahali pake. Kama anasogea na kukukaribia zaidi, ujue palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo ndiyo atakayoshukia baada ya dakika kumi za kutembea. Mwisho inamisha kichwa umbusu utosini. Ukiufikia bila kujinyoosha, yuko juu inavyotakiwa, na uso wake unauona kila unapotazama chini. Kipimo cha kidole ukirudie kila baada ya muda mfupi, kila unapotoka kuinama, na kila anapomaliza kunyonya. Hapo kwenye kunyonya wengi hujisahau. Mtoto ananyonya akiwa ndani ya kanga, anasinzia na titi likiwa usoni, mama anaendelea na shughuli. Akimaliza mrudishe juu, wima, uso uwe wazi, au mtoe kabisa umlaze chali.

Ukimtoa siku yoyote ukamkuta amelegea na haitiki, mlaze mahali pagumu, kichwa kimenyooka, msugue mgongo na nyayo huku ukipaza sauti ya msaada. Asipopumua, funika mdomo na pua yake kwa mdomo wako umpe pumzi ndogo tano, kila moja kifua kiinuke, halafu mkimbilie hospitali huku mtu mwingine akiendelea kumpulizia. Mwombe muuguzi wa kliniki akuonyeshe kwa vitendo, pamoja na kubonyeza kifua. Ni jambo la kujifunza kwa mkono na litamchukua muda mfupi kukuonyesha.

Sasa mgongo wako, mwanangu. Umeuandika mwishoni mwa barua kana kwamba ni deni la uzazi ambalo lazima ulilipe. Si lazima. Wiki tisa baada ya kujifungua misuli ya tumbo bado imelegea na maungio ya nyonga hayajakaza, kwa hiyo uti wa mgongo unabeba kazi ya wengine. Lile begi liliweka uzito wote bega moja na kuuning'iniza nyongani, ukawa unapinda upande mmoja ili usianguke. Ulipoliacha ukaanza kumshika mikononi kutwa, na mikono ikichoka watu wote hufanya jambo lile lile, kusukuma tumbo mbele na kumlaza mtoto juu yake. Kiuno ndicho kinacholipa. Kilo 3.4 zilizofungwa kifuani, zimebana na ziko juu, mwili hauzisikii kama kilo hizo hizo zikiwa mbali na wewe au chini ya kitovu. Kwa hiyo kile kinachomlinda mtoto, yaani kubanwa na kukaa juu, kinakulinda na wewe.

Jitazame kwenye kioo au mwombe mtu akutazame ubavuni. Ukiona umeegemea nyuma, au mkono wako mmoja unamshikilia kwa chini muda wote, kanga imelegea au yuko chini. Ukitaka kuokota kitu, kunja magoti ushuke ukiwa wima, kiganja kimoja nyuma ya kichwa chake. Usiinamie kiunoni. Anza na nusu saa, umtoe, ujinyooshe, uone mwili unasemaje. Kama maumivu yanashuka mguuni, mguu unakosa nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi au mkojo unakutoka, hilo halihusiani na kanga tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kanga moja ina mwisho wake. Haipiti mabegani, kwa hiyo akifika kilo tano hivi itaanza kuteleza, na kwa mwendo mrefu kifua chako kitachoka. Hapo unahitaji kitambaa kirefu cha pamba, mita tano hivi. Katikati yake inakaa kifuani, ncha zinapita chini ya makwapa, zinapishana mgongoni, zinapanda mabegani na kushuka mbele. Mtoto anaingia kati ya kifua chako na kile kipande cha katikati, unakaza kila upande, ncha zinapishana chini ya makalio yake, zinapita chini ya mapaja na kwenda kufungwa nyuma kiunoni. Tandaza kitambaa kipana begani na mgongoni, kikijikunja kama kamba kitakukata. Inataka mazoezi, nawe ni mtu wa vitambaa, hutachelewa kuelewa. Jifunze kwanza na mfuko wa unga wa kilo mbili ulioviringishiwa taulo, mpaka mkono uzoee. Ukipendelea kununua kibebeo cha mikanda, tafuta cha kuvaa mabega yote mawili, kinachomweka mtoto wima akikutazama, kilichoandikwa uzito wa chini usiozidi wa mwanao, na chenye kitako kipana kinachofika goti hadi goti. Vile vinavyomning'iniza mtoto kwa sehemu ya siri, miguu ikilewalewa, si vya umri huu. Vipya ni ghali, na cha mtumba ukikipata, vuta kila mshono na kila kifungio kwa nguvu zako zote kabla hujatoa pesa.

Kuhusu kibanda, hapo sitakuamulia, maana kodi unaijua wewe. Ukienda naye, panga muda wa kumtoa: kikapu au godoro dogo la kulala chali nyuma ya meza litakusaidia kuliko kumfunga kutwa. Chai ya moto na pasi usivishike ukiwa naye kifuani. Na ukisinzia kwenye kiti mchana, mtoe kwanza. Barabarani, daladala iliyojaa inamgandamiza mtoto aliye kifuani, kwa hiyo ama uende baada ya saa za msongamano, ama ukae kiti na kuweka mkono kati yake na watu. Bodaboda usipande naye. Kanga haimkingi mtu na ajali, hata kwenye gari dogo. Ukimwacha nyumbani na mama mkwe, gharama yake ni maziwa ya kukamua na wewe kukubali kuwa utakuwa mbali. Faida yake ni kwamba atalala chali, shingo imenyooka, na mgongo wako utapumzika. Wengine huchanganya, nusu siku kibandani, nusu siku nyumbani.

Lakini ukimwacha kwa mama, lile la mgongoni linarudi, kwa sababu atambeba atakavyo wewe ukiwa hupo. Ndiyo maana nasema mazungumzo yafanyike sasa, na yasianze na neno hapana. Nenda naye hiyo kesho kwa daktari. Maneno ya hesabu ya wiki tatu akiyasikia kwa daktari hayatakuwa maneno ya mkwe anayedharau mila. Kisha mwambie, "Mama, mgongoni ni kwako, nakuwekea. Akishikilia kichwa utakuwa wa kwanza kumfunga. Kwa sasa nisaidie kunikazia hii ya kifuani, peke yangu siwezi." Huko ni kumpa kazi ya kweli, maana fundo la kanga ya kifuani kwa kweli linahitaji mtu wa nyuma. Mwonyeshe na kidole cha chini ya kidevu, akipime yeye. Akiendelea kununa siku mbili tatu, mwache anune. Jiulize pia kama anachonunia ni mbeleko, au ni kuona ametoka Tanga kuja kusaidia na hajapewa mtoto wa kumshika. Akikaa kwenye kiti chenye mgongo akampakata kifuani kwa saa nzima jioni, amembeba mjukuu wake na wewe umelala.

Na huyo anayesema mwelewane wenyewe, naye ana kifua. Kangaruu haijawahi kuwa ya mama peke yake, wodi nyingi huwafunga baba watoto wao. Mfunge kanga akirudi kazini, mpe vile vipimo vitatu avifanye mwenyewe, umwambie daktari amekukataza kumshika mtoto mikononi kutwa. Kama daktari hajasema, nimesema mimi.